Milioni tatu za mtoto mchanga: zitafika ada ya chuo?

"Wadau, nimejifungua mtoto wa kiume mwezi uliopita, tuko Ujiji. Nimeuza mawese na nimevunja kikoba, nina milioni 3 mkononi. Nataka niziweke mara moja tu, nisiongeze tena, zije zimsomeshe chuo akifika miaka 18. Kwa bei za leo nimepiga ada, chumba na chakula cha miaka mitatu, inakuja milioni 9. Benki wananiambia hatifungani ya serikali. Zitatosha?"

Hongera dada, na uhai kwa mtoto. Mimi niko Mwanga. Wa kwangu alizaliwa 2015 na nilifanya karibu hicho hicho unachotaka kufanya, kwa hiyo hesabu zake ninazo kwenye daftari.

Anza na hiyo milioni 9, maana ni ya leo. Chukulia gharama zinapanda asilimia 5 kwa mwaka. Miaka 18 ijayo chuo kile kile kitakudai kama milioni 21.7. Hapo sijakutisha: Desemba 2011 mfumuko wa bei hapa nchini ulikaribia asilimia 20, na wanaokumbuka bei ya sukari kipindi kile wanajua 5 ni makadirio ya upole. Sasa uliza, niweke kiasi gani leo ili kifike huko? Kama fedha inakua asilimia 10 kila mwaka na faida yote inabaki ndani, kwenye kikokotoo unaandika hivi:

```
9000000 * 1.05^18 / 1.10^18
```

Jibu ni karibu 3,900,000. Milioni 3 zako zitafika milioni 16.7, pungufu ya milioni 5. Ikikua kwa asilimia 12 zinafika 23, zinatosha na chenji inabaki. Ikikua kwa asilimia 8 ungehitaji kuanza na milioni 5.4. Unaona kinachoamua ni ile nafasi kati ya kasi ya fedha yako na kasi ya ada. Fiksidi ya benki inayotoa 9, ukikatwa kodi ya zuio asilimia 10 ya riba unabaki na 8.1. Hatifungani za serikali za muda mrefu, yaani unaikopesha serikali fedha yako, riba yake haikatwi hiyo kodi, ndiyo maana watu wa benki wanakusukumia huko, na hawajakosea.

Ila kuna jambo ambalo pale dirishani huwa hawalisemi, na ndilo lililonifanya niandike kirefu. Hatifungani haikuzi fedha yako. Inakulipa riba, wenyewe wanaiita kuponi, kila miezi sita, inaingia kwenye akaunti yako na kukaa pale. Mtaji unabaki ule ule mpaka siku ya kuiva. Tuseme umepata ya milioni 3 yenye kuponi ya asilimia 12. Kila nusu mwaka inaingia 180,000. Ukiziacha kwenye akaunti ya kawaida kwa miaka 18 na usiguse hata senti, utakuwa na 6,480,000 za kuponi na milioni 3 za mtaji, jumla 9,480,000. Kumbuka lengo ni 21.7. Kuponi zile zile zingerudi kazini kila zinapoingia, kwa 12 ile ile, ungefika milioni 24. Hatifungani ni moja na mtoto ni mmoja, tofauti yote imetoka kwenye kile unachofanya na zile laki na themanini.

Na kuzirudisha kazini si rahisi kama inavyosikika. Mnada wa hatifungani unaanzia milioni 1, kwa hiyo kuponi moja hainunui kitu. Mimi ninayo ya miaka 15, thamani ya milioni 2, kuponi 13.5. Kila miezi sita inaingia 135,000. Nilifungua akaunti ya peke yake isiyo na kadi, kisha kila kuponi ikiingia naihamishia mfuko wa uwekezaji wa pamoja, ninanunua vipande. Huko hakuna sharti la milioni, na faida inaongezeka kwenye bei ya kipande yenyewe. Kwenye daftari nina mistari minne: tarehe, kuponi, makato ya benki, vipande vilivyonunuliwa. Mstari wa makato uangalie sana. Akaunti yenye ada ya kila mwezi inaweza kumega kuponi ndogo kama hii usishtuke.

Tena riba ya leo hujapewa ahadi nayo. Hatifungani ya miaka 25 ilipoanza mwaka 2021 ilikuwa na kuponi ya asilimia 15.95. Mwaka uliofuata mpya za miaka hiyo hiyo zikatoka na 12.56. Aliyenunua ya kwanza bado analipwa 15.95 yake, lakini kuponi zake akitaka kuzirudisha anakuta riba mpya. Kwa hiyo mtaji upigie hesabu kwa riba uliyofungia, na kuponi uzipigie kwa riba ya chini zaidi. Kwa mfano wako: mtaji 12, kuponi unazohamishia mfuko wa uwekezaji zinakua 10. Unafika kama milioni 20. Karibu sana, bado haijatosha.

Muda nao una mtego. Kuna ya miaka 15, kuna ya 20, ya 18 haipo. Ya 15 itaiva kijana yuko sekondari, na fedha nzima itakurudia mkononi. Shemeji, mjomba, kiwanja cha Gungu, wote watajua. Ya 20 inaiva akiwa tayari yuko mwaka wa pili au wa tatu. Unaweza kuiuza kabla kupitia dalali wa soko la hisa, lakini kama wakati huo mpya zinatoa riba kubwa kuliko yako, yako itanunuliwa chini ya thamani yake. Ningekuwa wewe ningechukua ya 20. Ada hailipwi yote siku moja: mwaka wa kwanza ulipe kwa vipande vya mfuko, mtaji uje umalizie. Hata ile hesabu ya 21.7 inashuka karibu milioni moja ukilipa kwa awamu, maana zilizobaki zinaendelea kuzaa.

Kama huna hamu ya kufuatilia kuponi kwa miaka 18, na watu wengi hawana, weka yote kwenye mfuko. UTT AMIS wana Mfuko wa Watoto tangu 2008, umetengenezwa kwa kazi hii, na faida inazaa faida bila wewe kwenda popote. Bei ya kipande hupanda na kushuka, kwa hiyo akifika miaka 15 au 16 anza kuhamishia Mfuko wa Ukwasi, ambao bei yake haiyumbi hivyo, kiasi cha ada ya mwaka wa kwanza.

Kuhusu "nisiongeze tena", hapo tubishane kidogo. Unapungukiwa laki 9. Laki 9 ukiipata sasa hivi, kwa asilimia 10 ni milioni 5 akiwa na miaka 18. Ukiileta akiwa na miaka 9 ni milioni 2.1 tu. Msimu ujao wa mawese ukikubali, itoe hapo, halafu ndiyo usiongeze tena.

Kesho ukienda benki waulize mambo mawili: wananikata kiasi gani kila kuponi inapoingia, na bei ya mnada uliopita ilikuwa ngapi kwa kila shilingi 100. Mwaka ule mimi nilinunua chini ya 100, milioni 2 zangu nikazilipia pungufu. Ikiwa juu ya 100, milioni 3 zako hazitakupa hatifungani ya milioni 3, na hesabu yote hapo juu uianze upya na kiasi utakachopata.