Cherehani la bibi

"Bibi amefariki na kuniachia cherehani hili, picha nimetuma. Maandishi yamefutika. Ni cherehani gani, na ninunue sindano na bobini zipi?"

Pole kwa msiba, ndugu. Kwenye picha naona kikaza uzi kiko ubavuni kushoto, na bobini inaingia kwa chini upande huohuo. Huo ni muundo wa Singer 15, ambao Butterfly JA2-1 ya China imeuiga. Sahani iliyo mguuni mwa shingo ikiwa na namba ya modeli, tuma picha yake.

Kwa zote mbili, nunua sindano HA×1, yenye shina bapa upande mmoja. Namba 14 inatosha kitenge. DB×1 ina shina la duara, ni ya mashine za kiwandani. Bobini ni Class 15, pande zote bapa, kipenyo milimita 20 hivi. Iliyobinuka kidogo ni ya Singer 66, iache. Nenda dukani na bobini ya zamani mkononi.