Afisa mikopo kaposti, bodi inataka akaunti za wafanyakazi wote

Swali: Mimi ni afisa rasilimali watu wa SACCOS moja Kanda ya Ziwa, wafanyakazi hatufiki arobaini. Mwezi uliopita afisa mikopo wetu aliweka stetasi ya WhatsApp usiku: picha ya meza yake na maneno "Saa tatu usiku bado tupo, mshahara uleule." Nyuma ya kikombe cha chai inaonekana skrini ya kompyuta yenye orodha ya wanachama waliochelewesha marejesho. Mwanachama mmoja akapiga skrinishoti, ikazunguka. Sasa bodi inanitaka niandike mwongozo: kila mtu aorodheshe akaunti zake, asiposti siasa, ulevi wala "chochote kitakachoichafua taasisi", na huyu kijana aachishwe kazi. Naona kama tunavuka mpaka, ila sijui pa kuanzia. Tulindeje jina la SACCOS bila kuchungulia maisha ya watu?

Jibu: Anza na picha yenyewe, maana imebeba mambo mawili ambayo bodi imeyafunga kwenye furushi moja. Fanya hivi: funika skrini kwa kidole, ubakishe maneno. Je, kuna kosa? Kuna mfanyakazi aliyechoka anayelalamikia muda na ujira wake. Yanaudhi kwa mwenyekiti, lakini ni malalamiko yake halali, na mfanyakazi kuzungumzia maslahi yake si jambo la kupigwa marufuku kwa mwongozo. Sasa funika maneno, ubakishe skrini. Hapo kosa lipo, tena lingekuwepo hata kama angeandika "Naipenda kazi yangu". Majina na madeni ya wanachama ni taarifa binafsi mlizokabidhiwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaibebesha taasisi yenyewe wajibu wa kuzilinda.

Mwongozo wenu mzima uandikwe uweze kufanya utengano huo. Ukitazama hivyo utaona kwamba sehemu ya kuweka ulinzi ni pale meza ya mikopo, taarifa zinapotokea, na akaunti ya mtu unaweza kuiacha kabisa. Kifungu kimoja kingemzuia huyu kijana kabla hajabonyeza kitufe: "Ni marufuku kupiga picha au video mahali ambapo skrini, faili, risiti au mwanachama anaonekana, hata kama picha haikusudiwi kusambazwa." Hiki ni kanuni ya ofisini, saa za kazi, kwenye chumba ambacho ni chenu. Hakigusi maisha ya mtu hata kidogo. Ongeza kompyuta zijifunge zenyewe baada ya dakika chache zisipotumika, na zile za kaunta zigeuzwe zisitazamane na foleni. Nimeona taasisi zikiandika kurasa nyingi kuhusu Instagram huku skrini ya mkopo inasomeka kutoka kwenye benchi la wageni.

Sasa hilo neno "chochote kitakachoichafua taasisi". Liondoe. Kwa sekta binafsi Tanzania Bara, kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinataka kuachishwa kazi kuwe na sababu halali na utaratibu wa haki. Kanuni ya 12 ya Kanuni za Utendaji Bora za 2007 (Tangazo la Serikali Na. 42) inaeleza maswali yatakayoulizwa: je, mfanyakazi alivunja kanuni? Kanuni hiyo ni ya busara? Iko wazi? Aliijua? Inatumika kwa wote bila upendeleo? Jiulize mbele ya mwamuzi wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi utajibuje kuhusu uwazi wa "chochote". Leo kinachomchafua mwenyekiti ni picha ya bia harusini, kesho ni jezi ya timu asiyoipenda. Kanuni ya namna hiyo haimpi mfanyakazi mpaka wa kuuona, na siku mnapoihitaji kweli haitawasaidia.

Mahali pake weka mambo matatu tu yanayoihusu SACCOS moja kwa moja. La kwanza ni taarifa za wanachama na za ndani, ambalo tumeshaligusa. La pili ni kuongea kwa jina la taasisi: nani anaruhusiwa kutangaza riba, gawio, kuchelewa kwa mikopo au hali ya fedha. Kwenye SACCOS hili ni zito kuliko kwa mwenye duka, kwa sababu fununu ya "fedha zimeisha" ikisemwa na mtu wa ndani inaweza kuwaleta wanachama mlangoni asubuhi kutoa akiba zao. Andika kwamba mwanachama akimuuliza mfanyakazi jambo la namna hiyo kwenye mtandao, amwelekeze kwa meneja au namba ya ofisi, asijibu yeye. La tatu ni watu: kumtukana, kumtishia au kumdhalilisha mwanachama au mfanyakazi mwenzake, iwe kwenye akaunti yake binafsi au la, maana anayeumizwa ni mtu mliyewajibika naye. Yaliyobaki, pombe, mapenzi, mpira, mahubiri, yaacheni.

Siasa nayo iacheni, isipokuwa anayeposti amevaa sare yenu, ametumia nembo, au ameitumia akaunti ya SACCOS. Kifungu cha 7 cha sheria hiyohiyo ya ajira kinakataza ubaguzi kwa misingi ya maoni ya kisiasa na dini, miongoni mwa mengine, hivyo marufuku ya jumla inawaweka nyinyi mashakani kabla ya mfanyakazi. (Utumishi wa umma una taratibu zake, nyinyi hamumo humo.)

Bodi itakuuliza: je, kama wasifu wake wa Facebook umeandika anafanya kazi kwetu? Kuna kesi ya Uingereza inayofaa kuwasomea, Smith dhidi ya Trafford Housing Trust, ya 2012. Meneja wa shirika la nyumba aliandika kwenye Facebook yake, nje ya saa za kazi, maoni yake kuhusu ndoa za jinsia moja kufungwa kanisani. Wasifu wake ulimtaja kuwa meneja wa shirika hilo, na baadhi ya marafiki zake mle walikuwa wafanyakazi wenzake. Wakamshusha cheo na mshahara. Mahakama Kuu ikasema hakuna msomaji mwenye akili ya kawaida ambaye angedhani anaongea kwa niaba ya mwajiri, kwa hiyo shirika lilivunja mkataba. Haiwafungi mahakama zetu, lakini swali lake ni zuri na ndilo nikushauri uliweke kwenye mwongozo: je, mtu wa kawaida akisoma hili angedhani ni SACCOS inayosema? Kutaja mahali unapofanyia kazi peke yake hakutoshi.

Kuorodhesha akaunti ni kosa la aina nyingine. Orodha hiyo yenyewe ni taarifa binafsi mnayoikusanya, na sheria ileile ya 2022 inataka mkusanye kwa lengo mahususi na kwa kiasi kinachohitajika. Lengo ni lipi? Ukishakuwa nayo, kuna mtu atapewa kazi ya kuipitia, naye ataona mimba, ugonjwa, talaka na madeni ya wafanyakazi, mambo ambayo hamkuyahitaji na ambayo mkishayajua hamwezi kudai hamkuyajua siku mnapomnyima mtu cheo. Nenosiri usiombe kamwe. Wala meneja asimwagize mfanyakazi mmoja "akae macho" kwenye grupu la WhatsApp ambalo wafanyakazi wameliunda wenyewe.

Badala ya kuwinda, weka njia ya kupokea. Lalamiko likifika kutoka kwa mwanachama, mfanyakazi au mtu wa nje, mnalishughulikia, lisipofika, hamtafuti. Kwa simu na kompyuta za ofisi mnaweza kuwa na ukaguzi, ila mwongozo useme mapema mnakagua nini, lini na kwa sababu gani. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilipoamua kesi ya Bărbulescu dhidi ya Romania mwaka 2017, ambamo mwajiri alikuwa amesoma ujumbe wa mfanyakazi kwenye akaunti ya mawasiliano ya kazini, ilisema mahakama za Romania hazikupima, pamoja na mambo mengine, kama mfanyakazi aliarifiwa kabla jinsi ufuatiliaji ungefanyika na ungefika wapi.

Turudi kwa kijana. Mwongozo mpya haumhusu, kwani haukuwepo. Angalia alichosaini: mikataba mingi ya SACCOS ina kifungu cha usiri, na hicho ndicho cha kumshtaki nacho, si maneno ya mshahara. Kabla ya hapo mfanye uchunguzi wa kweli. Stetasi hufutika baada ya saa 24, hivyo mlicho nacho ni nakala ya nakala. Muulize mwanachama aliyepiga skrinishoti aliiona lini na kwenye simu ya nani. Mwombe afisa mwenyewe picha ya awali kama bado anayo, wengi hutoa. Kisha ikuzeni: je, majina yanasomeka, au ni mistari tu ya jedwali? Majina matatu yanayosomeka pamoja na kiasi wanachodaiwa ni jambo zito kuliko ukungu wa herufi, na adhabu lazima ifuate hilo.

Mpeni barua inayotaja kosa moja, muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na nafasi ya kuja na mwenzake au kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Kanuni ya 12 inasema kosa la kwanza halitoshi kumwachisha mtu kazi isipokuwa ni zito kiasi cha kufanya uhusiano wa ajira usivumilike. Kwa uzembe usio wa makusudi, wa mtu mwenye rekodi safi, mimi ningeishia onyo la maandishi. Kama ingebainika alizoea kuuza orodha za wadaiwa, jibu lingebadilika kabisa.

Huku hilo likiendelea, wapigieni simu wanachama ambao majina yao yalionekana kabla hawajasikia mitaani, na meneja aripoti tukio kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mapema iwezekanavyo, kwani sheria inaitaka taasisi kuiarifu taarifa zinapovuja.

Jambo la mwisho la kumuuliza mwenyekiti kabla ya kikao. Pitieni ukurasa wa SACCOS na picha zilizowahi kuwekwa za sherehe za ofisini au kutembelewa na wageni. Kama kuna picha rasmi zenye faili za wanachama mezani na hakuna aliyechukuliwa hatua, kigezo cha kanuni kutumika sawa kwa wote kimeshatoboka. Ziondoeni, na mwongozo mpya usainiwe na wajumbe wa bodi pia, kwani nao hupewa taarifa za wadaiwa kila kikao cha robo mwaka na simu zao huwa mezani.