Miaka minne ya kujitolea ni miaka mingapi ya kazi?

Nimekaa kwenye majopo ya kuchuja maombi ya kazi katika asasi za kiraia, Morogoro na Dodoma, mara nyingi kiasi cha kujua ugomvi utaanzia wapi. Tangazo limesema "uzoefu usiopungua miaka mitatu katika nafasi inayofanana", faili limefunguliwa, na mwombaji ana miaka minne ya kujitolea kijijini. Mjumbe mmoja anasema hiyo si kazi. Mwingine anasema huyo ndiye anayeijua jamii kuliko sote tuliokaa hapa. Kwa maoni yangu wote wawili wanakosea, kwa sababu hakuna aliyeuliza huyo mtu alikuwa anafanya nini, na kwa saa ngapi.

Niwape mfano wa nafasi ya Afisa Programu wa mradi wa vikundi vya wanawake vya kuweka na kukopa. Mwombaji alikuwa katibu wa kikundi chake cha hisa, kisha akawa mwezeshaji wa kujitolea wa vikundi sita vya kata yake. Alikuwa pia na miaka miwili ya ajira kama karani wa SACCOS. Kwenye wasifu wake ile miaka minne ya uwezeshaji ilikuwa mstari mmoja tu, chini kabisa, karibu na "napenda kusoma na kusafiri". Juu alikuwa ameweka vyeti vya semina. Sijui nani aliwafundisha watu kupanga hivyo, maana cheti cha semina kinathibitisha tu kwamba ulihudhuria.

Kwanza tuliangalia muda. Vikundi vya hisa hukutana kila wiki, na kila mkutano ulimchukua saa mbili, kwa hiyo vikundi sita ni saa kumi na mbili. Ukiongeza safari na kusahihisha madaftari, zinafika kama saa kumi na sita kwa wiki. Kazi ya ofisini ya wiki nzima tuliihesabu kuwa saa arobaini. Maana yake alikuwa anafanya sehemu mbili kati ya tano za kazi kamili, na miaka yake minne ikawa mwaka mmoja na kama miezi saba. Yule mjumbe aliyekuwa upande wake alinuna. Lakini kumpa minne kamili kungekuwa kumdhulumu aliyefanya kazi ya kutwa kwa miaka minne, na kumpa sifuri ni kusema kwamba saa zile hazikuwepo.

Hesabu hii ina mtego wake. Kuna asasi zinazomweka mtu kuanzia asubuhi hadi jioni, siku tano, kwa posho ya nauli, na kumwita mjitoleaji. Huyo amefanya kazi kamili, na ahesabiwe kamili. Ninayo hasira kidogo na waajiri wanaowatumia vijana hivyo mwaka mzima, halafu nafasi ikitangazwa wanawaambia hawana uzoefu.

Baada ya muda tukaja kwenye majukumu. Tulichukua maelezo ya kazi na kupita jukumu moja baada ya jingine, bila kujali cheo alichokuwa nacho mtu. Kusimamia vikundi na kutatua migogoro ya wanachama: alikuwa nayo kwa wingi. Kukusanya takwimu na kuandika taarifa: alikuwa nayo nusu, kwa kuwa alijaza fomu za kila mwezi na kuzipeleka kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, ila hakuwahi kuandika taarifa ya robo mwaka ya kumpelekea mfadhili. Kusimamia bajeti ya mradi na marejesho ya masurufu: kwa upande wa kujitolea hakuwa nayo kabisa. Hapo ndipo ile miaka ya SACCOS ilipomsaidia, maana nidhamu ya vocha na stakabadhi alishaizoea.

Pengo hili la bajeti mtalikuta kwa wajitoleaji wengi, na haifai kulifunika kwa maneno matamu. Kama moyo wa nafasi ni kusimamia fedha za mfadhili na wafanyakazi walio chini yake, mtu aliyejitolea tu, hata kwa miaka kumi, bado hajafika. Kama moyo wa nafasi ni kazi ya vijijini, na ofisini yupo mhasibu wa kumshika mkono wakati wa majaribio, pengo linazibika.

Jambo lililobaki lilikuwa ushahidi. Barua aliyoleta kutoka kwa mtendaji ilisema ni mchapakazi, mwadilifu na mwenye ushirikiano. Barua za namna hiyo zote zinafanana, na jopo halipati kitu humo. Inayosaidia ni ile inayotaja alianza lini, aliacha lini, siku ngapi kwa wiki, vikundi vingapi na alifanya nini hasa. Kama unajitolea sasa hivi, iombe barua hiyo ukiwa bado upo, kwa sababu watendaji huhamishwa, na anayekuja baada yake hakujui.

Kwenye usaili tulimuuliza swali ambalo mtu aliyekuwa akipita tu hawezi kulijibu: mwaka wenu wa mwisho wa kugawana, hisa moja ilifika shilingi ngapi? Akajibu bila kusita. Hisa waliinunua kwa 2,000, na kitabu kilikuwa na hisa 3,600. Siku ya kugawana fedha zote zilikuwa 9,360,000, kwa hiyo kila hisa ikatoka 2,600. Akaongeza kwamba ingezidi hapo, ila mwanachama mmoja alihama na mkopo, na ikabidi wazikate hisa zake kufidia deni kabla ya kugawa. Tukamuuliza mfuko wa jamii uliingia kwenye hesabu hiyo? Akasema hapana, ule uko kando, una kazi yake ya misiba na magonjwa. Mwenyekiti wa jopo, ambaye ni mhasibu, aliweka kalamu chini.

Mwombaji mwingine siku hiyo alikuwa na miaka mitatu kamili ya ajira katika mradi wa vikundi. Alipoulizwa alichokifanya, ikawa ni kukodi kumbi, kuagiza chakula na kukusanya sahihi za washiriki. Ni kazi halali, na mradi hauendi bila mtu wa kuifanya, lakini kwa maelezo yale ya kazi tulimhesabia sehemu ndogo. Kipimo kile kile kilichopunguza miaka ya mjitoleaji kilipunguza na yake.

Ninyi mnaoajiri, kubalianeni kanuni hizi na kuziandika kabla ya kufungua faili hata moja. Mkisubiri hadi mmeona majina, kila mjumbe ataitengeneza kanuni imfae mtu wake. Someni pia mwongozo wenu wa rasilimali watu na mkataba wa mfadhili. Kama vinadai uzoefu wa ajira ya malipo, basi kujitolea hakuwezi kujaza pengo la miaka, na tangazo liseme hivyo waziwazi ili watu wasipoteze nauli.

Yule mama tulimpa nafasi. Ubishi uliofuata ulikuwa wa mshahara: ofisi ya utumishi ilitaka aanzie ngazi ya chini kabisa, kana kwamba hana uzoefu, wakati jopo lilimpitisha kwa miaka mitatu na miezi saba, SACCOS na kujitolea vikijumlishwa. Tulikataa. Alianzia kwenye ngazi ya mtu mwenye miaka mitatu.