Mshahara umechelewa: ufulize ama uchukue mkopo wa siku 30?

Swali: Salamu kutoka Kisumu. Mshahara wetu ulikuwa unaingia tarehe 28 lakini siku hizi tunaupata kuanzia tarehe 5 hadi 12, na mwenye nyumba hapa Nyalenda anataka kodi tarehe 1 bila stori. Huwa nakosa kama 9,000, kodi ni 6,500 na hiyo ingine ni ya chakula na fare. Fuliza yangu inafika 10,000, naona wanakata 1% halafu 25 kwa siku. Kuna apu ingine inanipa hiyo 9,000 kwa siku 30, ada ni 9% mara moja. Rafiki yangu ananiambia Fuliza ndiyo inafinya zaidi ju inakata kila siku. Ukweli ni upi? Mshahara unapitia benki, na jioni nauza nguo za mitumba, wateja wananilipa kwa simu.

Jibu:

Dada, kwa hesabu zako hizo rafiki yako amekosea, lakini kwa mtu mwingine angekuwa sawa kabisa, na tofauti iko kwa vitu viwili tu, deni ni kubwa kiasi gani na unakaa nalo siku ngapi. Mimi kazi yangu ni ya mikopo hapa Nakuru na hili swali naulizwa kila mwisho wa mwezi, na karibu kila mtu anakuja akiwa ameangalia asilimia badala ya kuangalia shilingi.

Tuanze na hiyo apu. 9% ya 9,000 ni 810. Hiyo 810 ni yako kuanzia dakika pesa imeingia, ulipe kesho ama ulipe siku ya thelathini ni ile ile. Kwa hivyo mshahara ukiingia tarehe 12 na ulipe siku hiyo hiyo, siku kumi na nane zilizobaki umezilipia bure, hakuna wa kukurudishia. Fuliza nayo inakata 90 mwanzo, hiyo ndiyo 1%, halafu 25 kila siku. Kutoka tarehe 1 hadi 12 tuhesabu siku zote kumi na mbili, ni 300. Jumla 390. Mshahara ukiingia tarehe 5 inakuwa 215 tu. Nimetumia hesabu ulizonipa wewe, kama mesej yako inaonyesha ushuru kando basi ongeza kwa pande zote mbili, ila picha haibadiliki.

Sasa swali la maana ni siku gani Fuliza inashika ile bei ya apu. Chukua 810 utoe 90, unabaki na 720, gawa kwa 25 unapata 28 na kitu. Yaani kwa deni la 9,000 itabidi mshahara uchelewe karibu mwezi mzima ndio mkopo wa apu uwe nafuu. Na ukifika hapo uko na shida ingine, kwa sababu Fuliza pia inatakiwa iishe ndani ya siku 30.

Lakini angalia vile hesabu inageuka deni likiwa dogo. Hiyo 25 kwa siku haijali kama unadaiwa 9,000 ama 3,000, ni 25 tu kwa kila deni lililopita 2,500. Mtu anayefuliza 3,000 analipa 30 mwanzo na 25 ile ile kila siku, na mkopo wa 9% kwake ni 270. 270 toa 30 ni 240, gawa kwa 25, siku ya kumi tayari Fuliza imeupita huo mkopo kwa bei. Huyo ndiye mtu rafiki yako anamuongelea na pengine ndiye yeye mwenyewe. Akijua mshahara utafika tarehe 12, bora achukue huo mkopo, ama bora zaidi apunguze deni liingie ile ngazi ya chini. Ada za siku zilishushwa Oktoba 2022, na wakati huo wale wa 1,000 kushuka chini wakapewa siku tatu za kwanza bila ada ya siku, kwa hivyo Fuliza ya mia tano ya unga na omena ni kitu tofauti kabisa na ile ya elfu tatu.

Hapo ndipo watu wengi wanachoma pesa bila kujua. Mtu ana deni la 6,000, anapata 3,000 mahali anaweka yote kwa Fuliza akifikiri amepunguza gharama nusu. Hajapunguza hata senti ya ile ada ya siku! Bado anadaiwa 3,000, bado ni 25. Angeongeza mia tano na kitu tu deni lishuke chini ya 2,500 angeona tofauti, ama hizo 3,000 angezishikilia anunulie chakula asilazimike kukopa tena wiki hiyo.

Kuhusu asilimia, hapa ndio biashara inafanywa na macho ya watu. Hiyo apu inaweza kukuambia 9% kwa mwezi ni kama 108% kwa mwaka, halafu mtu akupigie hesabu ya Fuliza yako, 390 juu ya 9,000 kwa siku kumi na mbili, akuambie ni zaidi ya 130% kwa mwaka, na wewe ukimbie kwa ile inaonekana ndogo na ulipe 810 badala ya 390. Wote wawili hawajadanganya. Hiyo 108% inakuwa kweli tu ukikaa na pesa siku zote thelathini. Ukilipa siku ya kumi na mbili, mkopo wa apu kwa mwaka unapanda zaidi ya 270%. Kwa hivyo pesa ya siku chache usiulize asilimia, uliza hivi: nikilipa tarehe 12 nitatoa shilingi ngapi kwa jumla? Uliza hilo swali hata kama wanasema ada ni moja, kuna wanaohesabu riba kwa siku na hao ukiwahi kulipa unaokoa. Na uliza pia ada inakatwa lini. Kuna wanaoitoa mbele, unaomba 9,000 inaingia 8,190 na kodi bado ni kodi, inabidi uombe karibu 9,900 ndio mkononi ufikishe 9,000, na sasa ada si 810 tena, ni 890. Hiyo themanini hutaiona kwa tangazo lolote. (Na kabla ya hayo yote angalia kama hiyo apu iko kwa orodha ya wenye leseni ya Benki Kuu, kanuni za wakopeshaji wa kidijitali ziko tangu 2022, kama hawako hapo achana nao hata wakikupa bure.)

Sasa nirudi kwako, kwa sababu kuna kitu umetaja mwisho kama jambo dogo na ndicho kinanipa wasiwasi kuliko 25 ya kila siku. Unasema wateja wa mitumba wanakulipa kwa simu. Ukiwa na Fuliza, kila shilingi inayoingia hiyo M-PESA inamezwa kwanza kulipa deni. Mteja anatuma 800 ya nguo mbili, hujaiona, imeenda. Kesho asubuhi unataka mtaji wa kununua mzigo Kibuye, unafuliza tena 800, na hapo unakatwa ile 1% upya, shilingi nane. Nane ni kidogo, najua, lakini ukifanya hivyo kila siku ya biashara kwa siku kumi na mbili ni karibu mia moja juu ya ile 390, na deni lako halijasonga popote, bado liko juu ya 2,500 na bado ni 25 kwa siku. Hata hivyo ukijumlisha bado hujafika 810, kwa hivyo Fuliza bado inashinda, shida ni kwamba hujui tena pesa ya biashara ni gani na ya mshahara ni gani. Hizo siku za deni ambia wateja wakupe kesh. Na kama wewe ndiye mweka hazina wa chama, tafadhali pesa ya chama isipitie laini hiyo kabisa, nimeona kina mama wakikosana kanisani kwa sababu michango ililipa Fuliza ya mtu.

Kitu cha pili ni benki. Mshahara wako hauingii M-PESA, kwa hivyo Fuliza haitajilipa siku ya mshahara, itaendelea kukata 25 hadi wewe mwenyewe uhamishe. Watu wanapata mshahara Ijumaa, wanakuja kukumbuka Jumanne, mia hiyo imeenda.

Na kwa vile pesa zako ziko benki, kuna kitu hujauliza ambacho kwa hali yako naona kina maana kuliko hizi mbili. Huku kuchelewa si kwa mwezi mmoja, naona ni kila mwezi. 390 mara kumi na mbili ni 4,680 kwa mwaka, hiyo ni zaidi ya nusu ya deni lenyewe. Ovadrafti ya benki kwa akaunti ya mshahara inahesabu riba kwa kila siku uliyoko chini ya sufuri, basi. Tuseme wanakutoza 18% kwa mwaka, 9,000 kwa siku kumi na mbili ni kama shilingi 53. Hata wakikukata ada ya kuifungua ya 1,000 kwa mwaka, mwaka mzima unatoka na kama 1,640. Ubaya wake ni huu, mshahara ukiingia unajaza shimo kwanza, unaona 9,000 imepungua, na usipojichunga unarudi shimoni tarehe 15 wakati hakuna kodi ya kulipa. Na si kila benki itampa mtu mwenye mshahara mdogo, wengine watataka barua ya mwajiri, na mwajiri anayechelewesha mshahara hiyo barua pia anaweza kuichelewesha. Nenda tu ukaulize, na uulize ada zote kwa shilingi, ya kufungua, ya kila mwaka na ya kupita limiti, wakikwambia riba peke yake bado hujajibiwa.

Mwezi huu basi lipa kodi kwa Fuliza tarehe 1, ile 2,500 ya chakula na fare ufulize kidogo kidogo vile unahitaji, 1% yake ni ile ile ila huenda usiimalize yote. Siku mesej ya benki imeingia, kabla hujatuma pesa nyumbani, hamisha kwa M-PESA kiasi cha deni lote pamoja na ada zake, uongeze na ile utatumia siku hiyo, maana ukihamisha nusu itamezwa na kesho utakuwa unafuliza fare tena.