Ukalimani wa Kichina na Kiswahili kiwandani: daftari na mzungumzaji asiyepumua

"Wakuu, nimepata kazi ya kuwatafsiria wageni wa Kichina watakaotembelea kiwanda cha mawese hapa Kigoma. Mazungumzo ya kawaida nayamudu, ila mtu akiongea dakika nne mfululizo mbele ya mashine napotea. Kwenye daftari niandike nini, na nimkatizeje bila kumvunjia heshima?"

Ndugu yangu, nimefanya kazi hii Kigoma na Tabora, kwenye mawese na kwenye asali. Kinachompoteza mkalimani katika maelezo marefu mara chache ni msamiati. Majina ya mashine utayajifunza ukiomba kutembezwa kiwandani siku moja kabla na fundi wa zamu: tangi la kupikia mashada kwa mvuke, ngoma ya kupukuchulia, mashine ya kukamulia, matangi ya kuchuja, boila. Muulize pia kama wanakamua na mise, mafuta ya kiini cha chikichi, au mawese peke yake, maana hayo ni mafuta mawili tofauti na mgeni atayataja yote mawili kwa haraka. Kinachopotea hasa ni nani anafanya nini, na namba ipi ni ya kitu gani. Kwa hiyo daftari lako lijengwe kushika hayo mawili.

Lipo jambo la lugha zetu hizi ambalo lazima ulielewe kabla ya kugusa kalamu. Mchina anaweza kusema "kufunga wiki mbili, watu wawili" na sentensi ikawa imekamilika kabisa. Hakumtaja anayefunga mashine, na hakuna aliyeona pengo. Kiswahili hakikuachii hivyo, kwa sababu kitenzi chetu kinadai kiambishi: tutafunga, mtafunga, au watafunga? Ukichagua kwa kubahatisha, umeshawagawia watu gharama ambazo hawajakubaliana. Wakati nao ni hivyo hivyo. Yeye hutegemea muktadha kuonyesha kama jambo limeshafanyika au litafanyika, wewe unalazimika kusema -me- au -ta-. Ndiyo maana upande wa kushoto wa kila ukurasa mimi naacha safu nyembamba ya mtenda peke yake. W ni wenyeji, G ni wageni. Asipotajwa naweka alama ya kuuliza, nami siondoki pale mpaka nimeuliza au nimeamua kusema kwa njia inayoacha jambo wazi kama lilivyoachwa: "itafungwa kwa wiki mbili". Hiyo kauli ya kutendwa ni mlango mzuri, lakini utumie pale tu ambapo hakuna pesa. Penye pesa, uliza.

Daftari liwe dogo lenye gamba gumu, la kufungulia juu, kwa kuwa utaandika umesimama. Andika upande mmoja wa karatasi, herufi kubwa, maneno machache kwa mstari. Chukua na penseli, kwani karibu na tangi la mvuke karatasi hulowa na kalamu ya wino hugoma. Kila wazo lisogee kulia kidogo chini ya lililolizaa, ili jicho lione sababu iko juu na matokeo yako chini. Mzungumzaji akihama hoja, piga mstari ukurasa mzima.

Nikuonyeshe kwa mfano. Injinia wa wageni amesimama mbele ya tangi la kupikia, anaongea moja kwa moja. Maelezo yake kwa ufupi ni haya: mashada yamekaa siku nyingi tangu kuvunwa, na chikichi ikikaa baada ya kuvunwa asidi kwenye mafuta hupanda, kipimo cha leo ni asilimia 8 na soko linataka chini ya 5. Halafu geji ya tangi la wenyeji inasoma presha ya baa 1 wakati inatakiwa 3, hivyo tunda haliivi ndani na mafuta yanabaki kwenye makapi. Tangi ambalo wageni wanauza linafanya kazi kwa presha ya 3, nyuzi joto 140 hivi, dakika 75. Bei ni 28 wan. Mzigo unafikishwa bandari ya Dar es Salaam. Kufunga wiki mbili, watu wawili. Malipo ya awali sehemu tatu katika kumi. Mwisho kabisa, kwa sauti ile ile, anasema kwamba mashada yakiendelea kuchelewa, tangi jipya halitashusha asidi.

Ukurasa wangu ungekuwa hivi:

```
      shada kaa siku ↑
        → asidi 8% (soko <5)
W     tangi: p 1 (taka 3)
        → tunda ndani X
          → 油 baki makapi
--------------------------
G     tangi: p 3 / 140° / 75'
        28w  ?yuan ?dola
G     → Dar      ? → Kgm
?     funga: wk 2, 人 2
W     awali 3/10
--------------------------
LKN!! shada chelewa
        → tangi jipya
          X asidi ↓
```

Tazama kilichoandikwa na kilichoachwa. Maelezo ya jinsi asidi inavyopanda sikuyaandika, kwa sababu nimeyaelewa na mshale unatosha kunikumbusha. Namba zote zimeandikwa, kila moja na kipimo chake pembeni, kwa kuwa namba haina mantiki ya kuikumbushia. Ukisikia namba, acha kila kitu uiandike, hata kama ulikuwa katikati ya neno jingine. Viungo pia vimeandikwa: mshale wa "kwa hiyo", na ile "lakini". Herufi za Kichina nimeingiza mbili tu, 油 ya mafuta na 人 ya watu, zile ambazo mkono unaziandika haraka kuliko neno la Kiswahili. Daftari si la lugha moja. Chukua popote kilicho kifupi.

Sasa angalia mstari wa mwisho. Mzigo wote wa maelezo uko pale. Wazungumzaji wengi wa Kichina wanaanza na hali, sababu, vipimo, kisha ndipo hukumu. Ukianza kufasiri kwa kusoma kutoka juu bila kujua unakokwenda, utamfanya mkurugenzi aamini kwa dakika mbili kwamba anashauriwa anunue tangi. Kabla sijafungua mdomo, jicho langu linakwenda kwanza chini ya ukurasa, kisha linarudi juu. Sibadilishi mpangilio wake, maana mpangilio ni haki ya msemaji, ila najua sentensi zote zinaelekea wapi na sauti yangu inafuata.

Kuhusu 28 wan. Wan ni elfu kumi, kwa hiyo usijaribu kuigeuza wakati unasikiliza. Andika 28w, endelea. Wakati wa kusema, weka sifuri nne: 280,000. Hapa Kiswahili kinakusaidia, kwa sababu tuna laki, ambayo ni wan kumi. Sema "laki mbili na themanini elfu". Usiseme "elfu mbili na themanini", utakuwa umeuza tangi kwa 2,080. Zile alama mbili za kuuliza zinaonyesha kwamba sarafu haikutajwa, na tofauti ya yuan na dola ni mara kadhaa. Kwa uzito, jin ni nusu kilo. Akisema jin 2,000 ni tani moja. Kwenye mashamba utasikia mu, na hekta moja ni mu 15. Na mtu akizungumzia ongezeko la "mara mbili", hakikisha ni kuongezeka kufikia mara mbili ama kuongezeka kwa mara mbili zaidi ya kilichokuwepo, ambayo ni mara tatu. Kichina hutenganisha hayo kwa silabi moja ambayo kelele za mashine humeza.

Saa zetu nazo. Meneja akisema zamu inaanza saa moja asubuhi, andika 7:00 papo hapo. Ugeuzaji ufanyike wakati wa kuandika, usiuache kwa wakati wa kusema, kwani ukichoka utasoma ulichokiona.

Maswali yangu nayauliza baada ya kufasiri kinachoeleweka, si kabla. Katika mfano huu ningefasiri mpaka mwisho, kisha ningemgeukia injinia kwa Kichina, huku nimeshawaambia wenyeji "naomba nihakikishe mambo matatu": bei ni kwa sarafu gani, kutoka Dar mpaka Kigoma nani anasafirisha, na wale wawili wa kufunga ni mafundi wa nani na nani anawalaza na kuwalisha. Kuwaambia wenyeji ni lazima. Mkalimani akianza mazungumzo ya pembeni na mgeni bila taarifa, imani inaondoka.

Kukatiza. Kazi hii inafanywa kabla ya ziara, wakati wa chai ofisini. Kaa na injinia, mwambie kiwandani kuna kelele, hivyo ungependa maelezo ya dakika mbili au tatu halafu akupe nafasi, na mkubaliane ishara: mimi nainua daftari mpaka usawa wa kifua. Akishaikubali ishara, kukatiza hakuwi utovu wa adabu tena. Kata baada ya kundi la namba kukamilika, kamwe si katikati yake, na kamwe si baada ya "ingawa" kabla ya "lakini" yake kufika. Halafu ukishakata, fasiri kwa muda mfupi kuliko aliotumia yeye. Ukizidi muda wake, ujue umeanza kueleza badala ya kufasiri.

Mashine ya kukamulia na boila zina kelele ambazo hakuna sikio linaloweza kuzishinda. Omba utaratibu wa kuona ndani na kuongea nje: wageni waangalie, waonyeshe kwa kidole, kisha watoke mlangoni ndipo maelezo yatolewe. Mameneja wengi wanakubali ukiwaambia mapema, kwani na wao hawasikii. Pale ambapo lazima aongee ndani, simama upande wa bega lake, si mbele yake, na usifasiri chochote ulichokisikia nusu. Mwombe arudie.

Upande wa pili una ugumu wake. Mwenyekiti wa ushirika wa wakulima wa michikichi, mzee wa makamo, atawasalimia wageni, atamshukuru Mungu, atataja viongozi kwa vyeo, atasimulia shamba lilivyokuwa, kisha ndani ya sentensi moja ataomba kiwanda kinunue mashada siku ile ile yanapovunwa. Salamu zake usizifupishe, wala usimkate akiwa ndani yake. Vyeo viandike kwa mpangilio aliovitaja. Akishaingia kwenye simulizi na ukaona ukurasa unajaa, subiri avute pumzi useme, "Samahani Mzee, naomba nifikishe hapa kwanza." Hajawahi kunikasirikia mzee yeyote kwa hilo. Ombi lake lipigie mstari mara mbili, kwa kuwa ndilo jibu la ile "lakini" ya injinia, na wao wawili hawataligundua wasipolisikia kwa ukamilifu kutoka kwako.

Mkirudi ofisini, kabla wageni hawajapanda gari, soma namba zote kwa sauti mbele ya pande zote, kwa Kiswahili kisha kwa Kichina, kila moja na kipimo chake na mtenda wake. Kwenye mfano wetu hapo ndipo meneja wa fedha huuliza kuhusu usafiri wa kutoka Dar, na injinia huwa bado yupo wa kumjibu.