Wastani wa kasi au kasi ya wastani?

Swali: "Nafundisha darasa la sita hapa Jinja. Niliandika ubaoni: taksi imetoka Kampala hadi Jinja, kilomita 80, kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, ikarudi kwa kilomita 40 kwa saa. Tafuta wastani wa kasi. Mwenzangu anasema jibu ni 60, mimi nasema ni 53 na kitu. Anadai ni Kiswahili changu kilichompa 60. Nani yuko sawa?"

Hesabu yako ni sahihi, mwalimu, ila mwenzako naye ana hoja kuhusu Kiswahili chako. Tukisema "wastani wa alama" au "wastani wa umri", msikilizaji anajua la kufanya: akusanye alama zote, azijumlishe, agawanye kwa idadi yake. Ukimwandikia "wastani wa kasi", atatafuta kasi zilipo. Anaziona mbili, anazijumlisha, anagawa kwa mbili. Neno lenyewe linamsukuma huko, kwa sababu "wastani" limetoka katika shina la Kiarabu lenye maana ya katikati, na katikati ya 40 na 80 ni 60. Kwa hiyo 60 ni jibu la swali fulani. Tatizo ni kwamba si swali ulilokusudia kuuliza.

Ungeandika "kasi ya wastani" ungekaribia zaidi, maana hapo kinachotafutwa ni kasi, tena moja, ya safari moja. Binafsi ndiyo ninayoipendelea. Lakini nayo ina kasoro yake mtaani. Mtu wa kimo cha wastani si mrefu wala si mfupi, na dereva anayekwenda kwa kasi ya wastani ni yule asiyekimbiza gari wala kutambaa. Abiria anayemsifu hivyo hajapiga hesabu yoyote. "Mwendo wa wastani" ndiyo kabisa, kwa kuwa "mwendo" kwetu ni hata umbali: mtu akikwambia kijiji fulani ni mwendo wa saa mbili, amekupimia njia kwa saa, si kwa kilomita.

Sasa turudi barabarani, tuione 60 inavyoanguka. Taksi imetoka Kampala saa moja asubuhi, ikapita Mukono, Lugazi na msitu wa Mabira, ikaingia Jinja saa mbili. Hiyo ni saa moja kamili. Jioni ikaondoka Jinja saa kumi, ikakuta jamu kuanzia Mukono, ikafika Kampala saa kumi na mbili. Hizo ni saa mbili. Jumla imekwenda kilomita 160 kwa saa tatu za kuwa njiani. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa lingekuwa limemaliza kilomita 180 katika saa hizo tatu. Kilomita 20 za ziada zimetoka wapi? Hakuna aliyeziendesha. Gawanya 160 kwa 3 upate 53.3, na hapo ndipo ulipofika wewe.

Kosa limejificha ndani ya maneno mawili ambayo sote tunayapita haraka: "kwa saa". Kasi inahesabiwa kwa kila saa, kwa hiyo kila saa ya safari ina haki ya kuhesabiwa. Saa ya kwanza ilikuwa ya 80. Saa ya pili ilikuwa ya 40. Saa ya tatu nayo ilikuwa ya 40. Jumlisha 80 na 40 na 40, ugawanye kwa tatu, unapata ile ile 53.3. Mwenzako alijumlisha na kugawanya vizuri tu, ila aliipa 40 sauti moja wakati ilistahili mbili. Alihesabu vipande vya njia, ambavyo ni viwili na vina urefu sawa, mahali pa kuhesabu saa, ambazo hazikuwa sawa. Gari hukaa muda mrefu zaidi katika mwendo wa polepole, ndiyo maana katika safari ya kwenda na kurudi jibu la kweli hulalia upande wa kasi ndogo. Mwanafunzi akikuletea 60, katikati kabisa, au kitu kilicho juu ya hapo, huna haja ya kusoma hatua zake.

Ukitaka kumridhisha mwenzako, mgeuzie sentensi. Badala ya kilomita kwa saa, sema dakika kwa kilomita. Kwenda, kila kilomita ilikula dakika 0.75. Kurudi, kila kilomita ilikula dakika 1.5. Sasa kipimo ni kwa kila kilomita, na kilomita za kwenda na za kurudi ni 80 kwa 80, kwa hiyo njia yake ya kujumlisha na kugawa kwa mbili inafanya kazi bila kosa: dakika 1.125 kwa kilomita. Gawanya 60 kwa hiyo, utaona 53.3 imerudi. Kilichobadilika ni neno linalofuata "kwa" tu. Na kama taksi ingekwenda saa nzima kwa 80 kisha saa nzima kwa 40, hapo 60 ingekuwa halali hata kwa kilomita kwa saa, maana muda ungekuwa sawa.

Madereva wanalijua jambo hili kwa uchungu hata kama hawaliandiki. Chukua siku ambayo jamu iko asubuhi, dereva amefika Jinja kwa kilomita 40 kwa saa, na ameahidi kwamba safari nzima itatoka kwa wastani wa 80. Kwa hesabu ya mwenzako, anapaswa kurudi kwa 120, jambo la hatari lakini linalowezekana. Kumbe kilomita 160 kwa kasi ya 80 zinahitaji saa mbili, na saa mbili amekwisha kuzimaliza akiwa bado Jinja. Hata akirudi kwa ndege hatatimiza ahadi.

Iko sehemu moja ya ile safari yetu ya kwanza ambayo mwanafunzi mjanja angeweza kukubana nayo. Kutoka saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni ni saa 11. Mbona tunahesabu tatu? Kwa sababu tunakubaliana kimyakimya kwamba zile nane za kuegesha Jinja si za safari. Akizihesabu atapata kama kilomita 14.5 kwa saa, na hesabu yake haina kosa, ila hakuna anayepima taksi hivyo. Lugha ya swali ndiyo inayopaswa kuufunga mlango huo.

Ningekuwa wewe, ubaoni ningeandika hivi: "Taksi ilikwenda Jinja, kilomita 80, kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, ikarudi Kampala kwa njia ile ile kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa. Bila kuhesabu muda wa kusimama, kasi yake ya wastani kwa safari nzima, kwenda na kurudi, ilikuwa kilomita ngapi kwa saa?" Maneno "kwa safari nzima" ndiyo yanayomlazimisha mtoto kutafuta umbali wote na muda wote. Na "wastani wa kasi" ukautunze kwa siku utakapowapa kasi tano za boda boda zilizopimwa mahali pamoja barabarani. Hapo kujumlisha na kugawa kwa tano ndiyo kazi yenyewe.