Bei ya mdomo ya muuzaji aliyeondoka

"Mteja anang'ang'ania kwamba muuzaji wetu aliyeacha kazi alimwahidi bati kwa 24,000. Sisi tunauza 28,320. Nimjibuje?"

Usimwambie "huyo hayupo tena". Kwake aliyeahidi ni duka. Muulize taratibu: ilikuwa lini, geji gani, na VAT ilikuwamo? Mimi naishuku VAT, maana 24,000 ukiongeza asilimia 18 unapata 28,320 kamili. Kisha pekua proforma na meseji za simu ya duka. Ukikuta ameandikiwa 24,000 bila neno VAT, mpe tu. Usipokuta, mwandikie: "Kaka, bei hiyo sijaiona kwenye kumbukumbu zetu, wala sisemi unadanganya. Bei ni 28,320, ila ukilipia kabla ya Ijumaa usafiri hadi saiti ni juu yangu." Kushusha bei kimyakimya usithubutu, fundi wake atawapa habari wenzake.